Milango Aliyoifungua Vitasa

Mdogo wake Mama Pindo alifika Jumapili mchana, mguu mmoja umevaa buti la mvua, mguu wa pili ndara. Watoto walimdhani mwombaji, wakamwambia mama hayupo. Mama yupo chumba cha ndani, anashona. Akasikia mtu akiuliza kama hapo ndipo anapokaa fundi cherehani mwenye kovu kidevuni. Jina hakulitaja. Ile sauti aliitambua kabla hajamaliza mshono, akatoka mbio na sindano zingali zimechomwa kwenye kola ya gauni lake.

Alimkumbatia, akalia kidogo, akamchemshia maji ya kuoga, akampa chakula. Alipoona ameshiba, ndipo akaanza kumtazama vizuri. Mtu aliyetoka nchi nyingine alikuwa amekuja na sweta la shule la mtoto, nusu chupa ya mafuta ya kula, na kifuniko cha sufuria. Sufuria yenyewe haikuwepo.

"Sufuria iko wapi?" akauliza Mama Pindo.

Mdogo wake akakitazama kile kifuniko kama vile ndiyo kwanza akione. Akasema hajui.

Mama Pindo aliijua safari. Yeye mwenyewe alikuwa amevuka mpaka ule ule miaka mingi nyuma, mume wake alipopata kazi ya kutunza stoo kwenye kiwanda cha mbao. Kabla ya kuondoka alimaliza nguo zote za wateja, akaahirisha safari mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya mvua, ya pili kwa sababu binamu yake alikuwa anaolewa. Alikifunga cherehani kwa blanketi, akasindikizwa na ukoo mzima hadi kituo cha basi, na pasipoti yake ikagongwa muhuri na askari aliyemtakia safari njema. Huku ugenini watu walimpa jina la Mama Pindo kwa sababu pindo la nguo aliyoishona yeye halikufumuka. Pasipoti ilipokaribia kuisha, alikwenda ubalozini kwao, akakaa kwenye benchi, akaletewa chai, akapewa mpya. Kila alipoikumbuka nyumbani aliweza kwenda, na kila alipochoka na ndugu aliweza kurudi.

Kwa hiyo alipomwona mdogo wake na kifuniko bila sufuria, jambo lile halikumwingia akilini. Mume wake ndiye aliyelisema wazi, wakiwa wawili chumbani. Alisema shemeji huyu hakusafiri, huyu kachomoka, na mtu hachomoki hivihivi. Hapo pana jambo.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa na macho mengi.

Kwao mdogo wake alikuwa akiitwa Vitasa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufunga, kutengeneza na kufungua vitasa vya milango. Mtu akipoteza ufunguo, akijifungia nje, au mtoto akijifungia chooni, alikuwa anaitwa yeye. Lakini huku alimwomba dada yake asimwite hivyo mbele za watu. Aitwe Mjomba tu, kama watoto walivyomwita. Alimwomba pia asimwambie mteja yeyote kazi aliyokuwa akiifanya. Alipokaa sebuleni, alikaa akiuelekea mlango. Mtu akibisha hodi, aliinuka na kwenda uani, akarudi baada ya kuhakikisha mgeni ni nani. Siku moja kitasa cha chumba cha watoto kilikwama, wakashindwa kutoka. Vitasa alisimama pale mikono nyuma, akaacha shemeji yake auvunje mlango kwa nyundo. Mama Pindo aliona. Lilimkaa moyoni.

Alimshauri aende ubalozini kwao akaombe pasipoti, kisha atafute kibali cha kuishi na kufanya kazi kama alivyofanya yeye. Ni utaratibu mwepesi, alimwambia, wanakupa na chai. Vitasa alikataa katakata. Alisema hawezi kwenda kwa watu wale akawaandikia jina lake na mahali anapolala.

"Watu gani? Ubalozi ni wa nchi yako," Mama Pindo akamwambia.

"Ndiyo maana siendi," akajibu.

Jibu hilo lilimfanya Mama Pindo alale chali akitazama dari. Anayeogopa serikali yake mwenyewe, aliwaza, ni mwizi au ni muuaji. Hakuwahi kuwaza kwamba kuna wa tatu.

Karatasi aliyokuwa nayo Vitasa ilikuwa moja tu, ya mwomba hifadhi. Aliipata mpakani. Alikuwa amevuka kwa njia ya porini, lakini alipofika upande wa pili alijipeleka mwenyewe kituoni na kusema anaomba hifadhi. Walimpiga picha, wakachukua alama za vidole, wakamwambia hataadhibiwa kwa kuingia bila ruhusa maadamu amejitokeza mwenyewe kusema kilichomleta, na hatarudishwa alikotoka mpaka asikilizwe. Kwa kawaida alipaswa kuishi kwenye makazi ya wakimbizi, mwendo wa nusu siku kutoka mjini. Kwa kuwa alikuwa na ndugu, alipewa ruhusa ya kusubiri kwa dada yake mpaka atakapoitwa kuhojiwa.

Alipoitwa, alikwenda, akarudi jioni, akasema yamekwisha. Mama Pindo alimuuliza aliwaambia nini. Vitasa akasema aliwaambia yeye ni mkulima, wakaja watu wenye silaha, akakimbia.

"Mkulima?" Mama Pindo akashangaa. "Wewe jembe ulilishika lini?"

Vitasa akainuka kwenda uani, ingawa hakuna aliyebisha hodi.

Haukupita muda mrefu, shangazi yao akafariki. Mama Pindo akaamua kwenda kuzika. Mdogo wake hakutaka kusikia habari ya kwenda. Mama Pindo alipomuuliza ampelekee nani salamu, alimwomba asimtaje kwa mtu yeyote. Mke wangu ukimwona, alisema, mwambie tu kwamba sweta limefika. Akarudia: usinitaje. Mama Pindo akaitikia, lakini moyoni alijiapiza kwamba safari hii atajua huyu mdogo wake alifanya nini.

Alifika bila tabu yoyote. Basi lilikuwa na televisheni. Muhuri uligongwa, maziko yakafanyika, watu walikula na kulia kama desturi ya maziko popote. Mji ulionekana umetulia. Ila upande wa ng'ambo ya mto, nyumba nyingi zilikuwa na nguo za watu wengine kwenye kamba, na watu wa mtaani walipopita pale waliongea kwa sauti ya chini.

Siku ya pili alikwenda hadi kwa Vitasa. Nyumba ilikuwepo, mlango ule ule wa mbao ngumu, kitasa kile kile cha shaba alichokifunga mwenyewe. Akagonga. Akafunguliwa kidogo, upana wa jicho, na mwanamke asiyemjua. Mama Pindo akajitambulisha kuwa ni dada wa mwenye nyumba. Mwanamke yule akazidi kuupunguza mwanya wa mlango. Alisema kwa haraka kwamba wao hawakuvamia. Walifukuzwa kwao upande wa milimani, wakalala miezi sokoni, na ofisi ya mkuu wa wilaya ndiyo iliyowapa nyumba hii. Waliambiwa mwenyewe aliiuza, akahamia nje kutafuta maisha.

Neno hilo la kuhama lilimchoma Mama Pindo. Yeye ndiye aliyehama. Alijua kuhama kunavyokuwa, na hakuna mtu anayehama na kifuniko.

"Hakuhama, na wala hakuuza," akasema, sauti imepanda. "Alikimbia. Yupo kwangu, na siku moja atarudi."

Mwanamke akafunga mlango. Upande wa pili wa njia palikuwa na kijana anatengeneza pikipiki. Mama Pindo hakumtilia maanani. Lakini jioni kijana yule alikuja msibani, kanawa mikono, kavaa shati safi, akatoa pole kwa adabu zote. Akasema yeye na Vitasa ni marafiki wa siku nyingi, wamepotezana, angependa kumjulia hali. Mama Pindo akampa namba ya simu ya mume wake, akamtajia na mji.

Kesho yake alimtafuta wifi yake. Alimkuta kwenye uwanja wa shule ya msingi, mji wa jirani, katikati ya mahema na madarasa yaliyogawanywa kwa mashuka. Wifi alikuwa amekonda, watoto wana vikohozi, na mama yake mzazi kalala kwenye mkeka bila uwezo wa kusimama. Mama Pindo alimwambia sweta limefika. Wifi akafumba macho kidogo, akashukuru. Kisha akamvuta hadi nyuma ya tangi la maji na kumuuliza swali moja.

"Wifi, umemwambia nani kwamba yupo kwako?"

Mama Pindo akaeleza habari ya nyumba, na ya yule kijana mwenye adabu. Wifi hakumgombeza. Alikaa chini tu, pale pale kwenye tope.

Mama Pindo alimuuliza kwa nini na yeye hakuvuka kumfuata mumewe. Wifi akamwonyesha mama yake kwenye mkeka. Akasema mumewe alipovuka mpaka alipata wa kumwambia "nilinde". Wao waliobaki ndani wangali raia, haki zote wanazo, na anayepaswa kuwalinda ni serikali yao hiyo hiyo. Anayeleta unga hapa ni mkuu wa wilaya, na vijana waliowafukuza ni wa kwake. Wageni wa mashirika wanaingia akiwaruhusu, na siku asipotaka wanaishia getini. Asubuhi wanapanga foleni ya unga mbele ya watu wale wale, na wanawasalimia.

"Basi niambie mume wako alifanya nini," Mama Pindo akasema.

Wifi akageuka kutazama mahema ya jirani. Akasema hayo mumewe atayasema mwenyewe, hapa mahema yana masikio.

Mama Pindo aliporudi, simu ilikuwa imetangulia. Mume wake alikuwa amepokea sauti ya mwanamume asiyejitambulisha, iliyosema: mwambie Vitasa tumejua anapokaa. Vitasa alikuwa ameketi sebuleni, buti na ndara miguuni, kifuko kiko magotini. Alimuuliza dada yake alimpa nani namba. Mama Pindo akaeleza yote, hakuficha. Vitasa alisikiliza hadi mwisho.

"Wamekulipa nini?" akauliza.

Hakuna neno lililowahi kumuumiza Mama Pindo kama lile. Alimwambia kama kuna mwenye kujieleza humu ndani ni yeye, mkulima asiyejua jembe, anayeogopa hodi na ubalozi. Alimuuliza mbele ya mumewe: uliua? Vitasa akainuka, akaenda uani. Asubuhi alikwenda ofisi ya wakimbizi, akaomba apelekwe kwenye makazi, na gari lililopeleka waliosajiliwa likamchukua.

Huko alipewa mabati, nguzo, turubai na eneo la kujenga kibanda. Palikuwa na maelfu ya watu, na wengi walikuwa wa kwao. Hilo ndilo lililomtisha. Siku za mwanzo tu alimwona bombani mama mmoja wa ng'ambo ya mto, mwenye ndoo ya kijani, akimkodolea macho. Vitasa alimtambua, akaanza kuchota maji bomba la mbali. Mama yule naye akaonekana bomba la mbali. Akabadilisha saa za kuchota. Siku moja akamkuta amesimama karibu na kibanda chake, anaulizauliza majirani. Vitasa akajua zamu yake imefika. Alingoja tu aitwe jina mbele ya watu.

Kabla hilo halijatokea, jibu la maombi yake likaja. Alikataliwa. Mkalimani alimsomea sababu moja baada ya nyingine, taratibu, na ukweli ni kwamba hazikuwa za kijinga. Anadai ni mkulima, lakini hakuweza kueleza kwa nini watu wenye silaha wamtafute yeye mmoja wakati wakulima wenzake wako mashambani. Alikaa kwa muda kwenye uwanja wa waliohamishwa ndani ya nchi, mkewe na wanawe wangali huko, na hakueleza kwa nini yeye asingeweza kubaki. Tena ana dada hapa mwenye kazi nzuri, ambaye hivi karibuni alikwenda nyumbani na kurudi salama. Inaelekea, jibu lilisema, alikuja kutafuta maisha. Alipewa siku za kukata rufaa, na akaambiwa kwamba mpaka rufaa isikilizwe hatarudishwa.

Kwenye makazi kulikuwa na shirika la msaada wa kisheria, na mwanasheria wake alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alilisoma jibu, akamtazama Vitasa, akamwambia bila kuzunguka kwamba angekuwa yeye ndiye afisa, na yeye asingemwamini. Kisha akampigia simu Mama Pindo, akamwomba aje.

Mama Pindo alisitasita. Alidhani ni mtego. Labda wanataka kumnyang'anya kibali chake kwa kumhifadhi mtu. Mume wake akamwambia asiende. Alikwenda. Alimkuta mdogo wake kwenye ofisi ya mabati, amepungua, na hawakusalimiana vizuri. Mwanasheria alieleza kwamba kazi yake si kumtetea mtu mwema, ila kuonyesha lililotokea. Alisema anayehama na anayekimbia wanaweza kupanda basi moja na kukaa kiti kimoja, na wote wawili wakafika mahali wakatafuta kazi. Tofauti ipo kwenye kilichowatoa, na kwenye kitakachowapata wakirudi. Aliyehama akirudi, nchi yake inampokea na kumlinda. Mkimbizi ni yule mwenye sababu ya kuogopa kurudi kwa ajili ya kabila lake, dini yake, uraia wake, kundi lake, au siasa anazodhaniwa kuwa nazo, hata kama hana, na nchi yake haiwezi kumlinda, au haitaki. Kwa hiyo akamuuliza Vitasa: wanakutafuta kwa lipi?

Vitasa alimtazama dada yake. Akauliza kama yakisemwa humu yatafika kwao. Mwanasheria akasema hayafiki, na nchi hii hairuhusiwi kuwapelekea wanaomtafuta habari zake. Vitasa akauliza na huyu je, akimwonyesha dada yake kwa kidevu. Mama Pindo akavumilia. Akasema kama wanataka atoke, atatoka.

"Kaa," akasema Vitasa. Na ndipo akaanza.

Baada ya uchaguzi, mkuu wa wilaya alisema watu wa ng'ambo ya mto wote walimpigia kura mpinzani wake. Vijana wake walianza kuwafukuza. Wengi walijifungia ndani. Vijana hawakutaka kuvunja milango, kwa sababu nyumba zenyewe walikuwa wameshaahidiwa watu wengine, na walizitaka zikiwa nzima. Asubuhi moja wakamfuata Vitasa karakanani, wakamwekea bunduki shingoni, wakamwambia abebe vifaa vyake.

Mlango wa kwanza aliufungua, hapakuwa na mtu. Wa pili aliufungua, wakamkuta mzee, wakamburuta. Wa tatu ulikuwa wa mwalimu. Walimtoa mwalimu mbele ya mke wake, wakaondoka naye, na hadi leo hajaonekana. Vitasa aliyasema hayo akitazama mikono yake. Alisema kitasa cha mwalimu kilikuwa chepesi, hakikumchukua muda, na hilo ndilo linalomnyima usingizi, kwamba hakikumchukua muda.

Mlango wa nne alikuwa ameufungia kitasa yeye mwenyewe. Alikijua ndani na nje. Aliingiza waya wa chuma, akaupinda, akauvunjia ndani kwa makusudi, ili pasiingie ufunguo wala kifaa. Akasema kwa sauti ya juu, waliomo ndani wasikie, kwamba kimekwama, hakifunguki. Vijana wakabishana, wakaanza kutafuta shoka. Waliposhughulikia shoka, waliokuwa ndani wakapitia dirisha la jikoni. Mmoja wa wale vijana akauinamia mlango, akauona ule waya uliovunjika. Akamtazama Vitasa usoni. Vitasa akakimbia.

Hakupita kwake. Mke wake alisikia risasi, akawatoa watoto kwa nyuma, chakula kikiwa jikoni. Walikutana kwenye ule uwanja wa shule siku kadhaa baadaye, Vitasa ameshika sweta la mtoto lililoanguka njiani na vitu vingine ambavyo hajui alivichukua wapi. Alidhani hapo pana usalama. Lakini pale uwanjani alikuwepo mke wa mwalimu. Alimwona kwenye foleni ya unga, akamnyooshea kidole, akasema huyu ndiye aliyewafungulia. Waliofukuzwa wakamtaka, na vijana wa mkuu wa wilaya wakamtaka, na foleni ilikuwa moja. Aliondoka kabla unga haujafika kwake.

Mwanasheria alikuwa ameacha kuandika. Alimuuliza kwa nini hakusema haya mwanzo. Vitasa akasema aliogopa wangesikia habari ya milango mitatu na wasingoje wa nne. Mwanasheria akakubali kwamba hofu hiyo ina msingi: aliyeshiriki kwa hiari yake kwenye uovu mkubwa wa namna ile hapewi hifadhi, na swali hilo litaulizwa. Lakini mtu aliyewekewa bunduki shingoni si sawa na aliyejitolea. Tatizo, alisema, ni kwamba haya ni maneno yako mwenyewe, na umeshadanganya mara moja.

Ndipo Vitasa, kwa kusitasita sana, akataja mama mwenye ndoo ya kijani. Alisema ni yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya mlango wa nne, na anamfuatafuata bombani, na hajui anamtakia nini.

Mwanasheria alimtafuta. Mama yule alikuja na ndoo yake, akaiweka chini. Alisema ni kweli amekuwa akimfuata. Sauti aliisikia nyuma ya mlango, akaisikia tena bombani, lakini hakuwa na hakika, na kila akimkaribia mtu huyu anakimbia. Naye alikuwa na wasiwasi wake: wapo waliosema fundi vitasa ni mtu wa mkuu wa wilaya, ametumwa huku kuhesabu waliotoroka. Alitaka kwanza kujua anamshukuru nani. Akamwomba Vitasa aseme tena yale maneno.

Vitasa hakutaka. Akabembelezwa. Akasema, polepole, akiangalia ukuta: "Kimekwama. Hakifunguki."

Yule mama akaketi juu ya ndoo yake. Akasema ndiyo.

Rufaa ilisikilizwa na watu watatu, si yule afisa wa kwanza. Walimbana Vitasa juu ya ile milango mitatu hadi jasho likamtoka. Mama mwenye ndoo alitoa ushahidi. Mama Pindo naye aliulizwa: kama wewe umekwenda ukarudi bila kuguswa, kwa nini yeye asiende? Akajibu kwamba yeye hakuguswa kwa sababu hawakumtaka yeye, walimtumia tu kumpata wanayemtaka. Akaeleza habari ya nyumba, ya kijana mwenye shati safi, na ya simu. Ilimbidi aseme mbele ya watu kwamba namba aliitoa yeye.

Miezi ikapita, jibu likaja kwamba amekubaliwa kuwa mkimbizi. Walisema siasa alizodhaniwa kuwa nazo kwa kuuvunjia waya ule mlango zinatosha kumhatarisha, na kwamba kule uwanjani asingepona kwa upande wowote. Alipewa kitambulisho. Mwanasheria alimwonya asiende ubalozini kwao kuchukua pasipoti, wala asirudi kutembea, hata kwa msiba, maana itaonekana amejirudisha mwenyewe chini ya ulinzi wa nchi yake na hifadhi inaweza kukoma. Akisafiri, atasafiri kwa hati ya mkimbizi, na si kwenda kwao.

Mama mkwe wake alifia pale uwanjani, msimu wa mvua. Mkuu wa wilaya alitangaza kwamba amani imerudi, akaufunga uwanja, akawaambia watu warudi majumbani mwao, ilhali majumba yana watu. Wifi akawachukua watoto, akavuka. Siku moja kabla alikuwa raia asiye na pa kulala ndani ya nchi yake. Alipokanyaga upande wa pili akawa mwomba hifadhi, na kwa kuwa mumewe ameshakubaliwa, naye na watoto waliandikwa chini yake. Mtoto mdogo alipopewa lile sweta, mikono iliishia viwikoni.

Wifi alimuuliza mumewe jambo moja usiku wa kwanza, na majirani walilisikia kwa sababu kuta ni za turubai. Alimuuliza kama ule mlango wa mwalimu ungeweza kuvunjiwa waya pia. Vitasa akasema ungeweza. Wifi akazima taa.

Mama Pindo alianza kwenda kuwatembelea kila alipopata ruhusa ya kuingia kwenye makazi. Aliwashonea watoto nguo, akawaachia mapindo marefu ya kuja kuyashusha wakirefuka. Wanakaa nje ya kibanda, wanakunywa chai, wanazungumza habari za mvua na shule. Nyumbani kwao bado anakwenda, ana haki hiyo, na akiulizwa habari za mdogo wake anasema hajui aliko. Amejifunza kulisema bila kupepesa.

Safari ya mwisho, kabla hajaketi, Vitasa alimuuliza nani anajua kwamba amekuja. Mama Pindo akasema mume wake tu.

Vitasa akafikiri, akamsogezea kiti.

"Siku nyingine," akasema, "mwambie umekwenda sokoni."